Kutu inayorudi usiku mmoja: panga, jembe na mkasi wa bustani kwenye hewa ya Lamu

Panga likisuguliwa jioni likang'aa, kisha asubuhi likakutwa na madoa ya rangi ya chungwa, wengi hudhani halikusuguliwa vya kutosha. Hurudia kwa msasa mkali zaidi, na kesho yake mambo ni yale yale. Mara nyingi tatizo si msasa. Ni chumvi iliyobaki ndani ya vishimo vya chuma, na chumvi haitoki kwa kusuguliwa. Hutolewa kwa maji yasiyo na chumvi, tena maji mengi, tena ya moto.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Usiku wa Amu, Shela au Pate hewa hufika hapo na kupita mara nyingi, na msimu wa kusi upepo huleta rasharasha za bahari mpaka ndani ya ua. Kwa hiyo panga linaloonekana kavu huwa limevaa utando mwembamba wa maji ya chumvi, usioonekana kwa jicho. Ndani ya vishimo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chumvi iliyokwisha kuungana na chuma hunyonya maji kwa nguvu kuliko hata chumvi ya jikoni. Kutu ya juu ikiondolewa na hiyo ikabaki chini, kazi huanza upya usiku huo huo.

Kabla ya kushika brashi, basi, tazama dalili. Kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja huweza kuharibu nyingine.

Dalili: unga mwekundu unaofutika kwa kidole

Hii ni kutu changa, ya siku chache. Osha panga kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, sugua kwa pamba ya chuma ya sufuria, suuza, kausha juani, paka mafuta. Haihitaji siki wala kulowekwa, na robo saa inatosha. Ukiona chuma chini yake ni laini kikipapaswa, hakuna vishimo, huna haja ya kwenda mbali zaidi.

Dalili: magamba, vishimo vyeusi, na kutu inayorudi kila ukisafisha

Hapa ndipo penye kazi. Tuchukue panga la kawaida lililofyekea shambani, likasuuzwa kwa maji ya bahari wakati wa kurudi, kisha likaachwa ndani ya mashua siku kadhaa. Bapa lote lina magamba ya kahawia, na magamba yakibanduka chini yake kuna vishimo vyeusi vya ukubwa wa punje ya mchele.

Anza pakavu. Kwangua magamba kwa mgongo wa kisu cha zamani, kisha pitisha brashi ya waya kufuata urefu wa bapa. Funika macho, maana vipande vya kutu huruka. Usilichome panga motoni ili magamba yabanduke. Magamba yatabanduka kweli, lakini chuma kikipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi kinaanza kupoteza ugumu wake, na panga lililogeuka samawati kwa moto halishiki makali tena. Hilo hilo hutokea mashine ya kusaga inapokandamizwa kwenye makali mpaka rangi ibadilike.

Kisha osha kwa sabuni na maji ya moto. Hatua hii hurukwa sana, lakini mafuta ya zamani na utomvu wa migomba huzuia siki kufika kwenye kutu, ukabaki na mabaka yasiyosafika. Pia maji haya huondoa chumvi ya juu kabla haijaingia kwenye siki.

Sasa siki. Panga ni refu, na kulilaza ndani ya chombo kutamaliza chupa nyingi bure. Chana kanga kuukuu vipande virefu, vilowe kwa siki ya dukani ya asilimia 5, uvifunge bapa zima kama bandeji, halafu juu yake zungusha nailoni ili siki isikauke. Nusu lita inatosha panga moja. Acha vidole viwili kutoka kwenye mpini bila kitambaa, siki isije ikaingia chini ya mbao. Weka kivulini. Baada ya saa 6 fungua, sugua kwa brashi, ongeza siki pale palipokauka, funga tena. Kutu nyepesi huachia kwa saa 12. Hii ya magamba huenda ikafika 24.

Usipitishe hapo. Siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe, na dalili yake ni mapovu madogo yanayopanda kutoka sehemu zilizokwisha kuwa safi. Panga lililosahauliwa siku tatu hutoka na rangi ya kijivu iliyofifia, uso wake umekwaruza kama msasa, na makali yameliwa. Ukikosa siki, maji ya ndimu yaliyochujwa yanafanya kazi ile ile kwa muda huo huo.

Kuna shauri limeenea sana la kuchanganya siki na chumvi ili kutu itoke haraka. Ni kweli hutoka haraka. Lakini kwa mtu wa pwani huko ni kuingiza kwa mkono kile kile unachotaka kukitoa. Usitie chumvi. Wala usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu.

Ukifungua mara ya mwisho utakuta utando mweusi unaoteleza. Sugua kwa pamba ya chuma na sabuni mpaka uishe, ukichokoa vishimo kwa ncha ya msumari. Kisha ua makali ya siki: vijiko 2 vya chakula vya bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji, umwagie bapa lote na uache dakika 10. Magadi ya kupikia maharagwe pia yanaua asidi, ila magadi ghafi huwa na chumvi ndani yake, kwa hiyo hapa bikaboneti ni salama zaidi.

Hatua inayofuata ndiyo inayoachwa, na ndiyo inayoamua kama kutu itarudi. Tafuta karai la fundi wa ujenzi, lilaze panga ndani yake kwa mshazari, mpini ukibaki nje ya ukingo. Jaza maji mpaka bapa lizame, chemsha kwa moto mdogo nusu saa, mwaga, tia maji mapya, chemsha tena. Fanya hivyo mara tatu. Maji ya moto huingia kwenye vishimo na kuyeyusha chumvi iliyojificha, na kila ukibadilisha maji chumvi iliyotoka huondoka moja kwa moja badala ya kurudi kwenye chuma. Joto la maji yanayochemka haliharibu ugumu wa panga hata kidogo.

Maji yenyewe yawe ya mvua, ya tangini au ya jabia. Visima vingi vya visiwani vina chumvichumvi, na ukichemshia humo unazunguka palepale. Kama maji ya mvua ni machache, tumia ya kisima kwa mzunguko wa kwanza na uweke ya mvua kwa wa mwisho. Maji ambayo ulimi unahisi chumvi yake hayafai kabisa kwa suuzo la mwisho.

Toa panga likiwa la moto, kung'uta, futa kwa kitambaa kikavu. Joto lililobaki litamaliza kulikausha kwa dakika moja au mbili. Usipake mafuta bado. Litundike usiku mmoja ndani ya nyumba karibu na dirisha lililo wazi, kisha asubuhi ulitazame kwenye mwanga.

Ukiona ukungu mwembamba wa kahawia umeenea sawasawa, huo ni unyevu wa kawaida juu ya chuma kilicho uchi. Ufute kwa pamba ya chuma na uendelee. Ukiona vidoa vya chungwa vilivyotengana, kila kimoja juu ya kishimo chake, pengine na tone dogo la maji la kahawia, hapo chumvi bado imo. Rudi kwenye karai kwa mizunguko miwili zaidi. Siki huihitaji tena. Na vishimo vikibaki vyeusi bila kubadilika, panga limepona. Weusi huo hauna madhara, na kujaribu kuuondoa kwa mashine ya kusaga ni kupunguza unene wa chuma bila faida.

Dalili: chuma kinageuka kahawia dakika chache tu baada ya suuzo

Watu huichanganya hii na kutu ya chumvi. Chuma kilichotoka kwenye siki kiko uchi kabisa, na asidi ikibaki juu yake huku maji yanakauka polepole, hubadilika rangi mbele ya macho yako. Chanzo ni bikaboneti kurukwa au suuzo kufanywa kwa maji ya baridi. Rudia bikaboneti, mwagia maji yaliyochemka, futa mara moja.

Dalili: madoa meusi au ya samawati baada ya kukata mti

Hiyo si kutu. Magome ya mikoko, ya mkanju na ya miembe, pamoja na utomvu wa mgomba, yana tanini, nayo ikikutana na chuma hutengeneza rangi nyeusi. Haili chuma, na ukiiacha hakuna kitakachoharibika. Kinachotakiwa kuondoka ni utomvu wenyewe, kwa sababu hushika unyevu na vumbi. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kabla haujakauka, kisha osha kwa sabuni.

Dalili: kutu upande mmoja tu, au mstari wa kahawia kwenye shingo ya mpini

Kutu ya upande mmoja inakuonyesha mahali panga linapolazwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupitisha unyevu, na nyingi zina chumvi tangu zilipojengwa. Panga lililoegemezwa ukutani huoza upande uliogusa ukuta hata kama mvua haijanyesha. Toboa tundu kwenye mpini, tia kamba, ulining'inize kwenye boriti ya dari lisiguse kitu. Ala ya ngozi au ya gunia ni nzuri kwa safari tu, kwa sababu ikibaki na panga usiku kucha huhifadhi jasho la chuma.

Wako wanaochomeka zana kwenye ndoo ya mchanga uliotiwa mafuta. Mbinu ni nzuri, lakini mchanga wa ufuoni una chumvi, na hapo ndoo hugeuka kuwa chanzo cha kutu. Kama unaitaka, osha mchanga kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne, uanike ukauke kabisa, ndipo utie mafuta.

Mstari kwenye shingo ya mpini ni jambo la kuchukua kwa uzito. Maana yake maji ya chumvi yameingia kati ya mbao na chuma, mahali pasipofikiwa na brashi wala jua. Chuma cha huko huvimba kwa kutu, hupasua mbao, kisha hukonda mpaka panga likatike na bapa kuruka wakati wa kufyeka. Piga ribiti zitoke, ondoa mbao, safisha chuma chote kama ilivyoelezwa, na kabla ya kurudisha mbao paka nta iliyoyeyushwa pande zote mbili za chuma na ndani ya mbao.

Kwa jembe, mahali kama hapo ni tundu la mpini. Kichwa kikianza kucheza, wengi hulitumbukiza jembe majini usiku ili mbao ivimbe ikaze, na aliye karibu na bahari hulitumbukiza baharini. Mbao huvimba kweli, ikajibana yenyewe dhidi ya chuma, kisha ikikauka huwa nyembamba kuliko ilivyokuwa, na jembe hulegea zaidi. Huku tundu limejaa chumvi. Toa mpini, safisha tundu kwa brashi na msasa uliokunjwa juu ya kijiti, chemsha kichwa kama panga, kisha chonga mpini upya na ukazie kwa kabari ya mbao kavu.

Dalili: mkasi wa bustani umeganda au unafunguka nusu

Usiulazimishe kwa kuupigapiga, maana chuma cha mkasi ni kigumu na hupasuka penye bolti. Simamisha kiungo chake ndani ya mkebe wenye mafuta ya taa, kina cha kufunika bolti tu, uuache saa 24. Kisha ufungue na kuufunga kidogo kidogo, ukirudisha kwenye mafuta kila unapokwama. Ukilegea, fungua nati kwa spana na utenganishe visu viwili. Kusafisha bila kutenganisha ni bure, kwa kuwa kutu yote iko kati yao.

Kabla ya kutia siki, tazama mkasi umetengenezwa kwa nini. Mishikio mingi ni ya alumini, na siki huila, kwa hiyo funga visu tu. Visu vilivyopakwa kromu visilowekwe kabisa, maana siki hupita chini ya kromu na kuibandua vipande vipande. Hivyo visugue kwa pamba ya chuma laini na mafuta ya taa, basi. Springi nayo isikae kwenye siki zaidi ya saa moja. Ikiwa imeliwa sana, kununua nyingine ni nafuu kuliko kuiona ikikatika mkononi. Wakati wa kurudisha, weka grisi kiasi cha punje ya harage kwenye bolti, kaza nati mpaka visu viguse bila kuacha mwanya, kisha legeza kidogo ili mkasi ujifungue wenyewe.

Mkasi unaoshika kutu kila baada ya kusafishwa magonjwa ya mimea, ilhali mapanga ya nyumba ile ile ni mazima, kwa kawaida huwa unachovywa kwenye dawa ya klorini. Dawa hiyo hula chuma kwa kasi. Tumia spiriti badala yake, inakauka yenyewe.

Dalili: mafuta yamepakwa na kutu imekuja juu yake

Kwanza uliza kama chuma kilikuwa kikavu. Mafuta juu ya unyevu hufungia unyevu ndani. Pasha panga juani mpaka liwe la moto mkononi ndipo upake, na upake kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa pande zote mbili, kisha ufute yaliyozidi. Tabaka nene halilindi zaidi, bali hukusanya vumbi na mchanga wenye chumvi.

Pili, ni mafuta gani? Mafuta ya nazi ni mazuri kwa panga la kukatia chakula, lakini yale ya kupikwa nyumbani mara nyingi yana maji na machicha madogo yaliyobaki. Yapashe kwa moto mdogo mpaka yaache kutoa mapovu, uyachuje kwa kitambaa, ndipo yafae. Ni mepesi, kwa hiyo yanataka kurudiwa kila wiki. Siagi ya mkate yenye chumvi usiiguse. Sifa, yaani mafuta ya papa ya kupaka vyombo vya baharini, hufaa mbao, lakini kwenye bapa huganda ikawa utando unaonata. Na mafuta yaliyokwisha kutumika kwenye injini yana masizi na asidi ya moto wa injini, yana madhara kwa ngozi, tena huingia ardhini kila jembe linapolima. Grisi mpya au mafuta mapya ya injini ni bora mara nyingi.

Kwa zana isiyotumika msimu mzima, tumia nta ya nyuki. Gramu 50 za nta kwa gramu 200 za mafuta ya nazi yaliyosafishwa, zote ndani ya mkebe uliosimamishwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka joto likipita kidogo nyuzi 60. Koroga, iache ipoe iwe kama marhamu, kisha ipake kwa kitambaa juu ya panga lililopashwa juani. Hubaki mahali pake hata mchana wa kaskazi, wakati mafuta matupu yameshatiririka mpaka kwenye ncha. Itazame kila mwezi, na unapoona bapa limekauka upake tena.

Baada ya kazi yoyote karibu na bahari, suuzo la maji yasiyo na chumvi lije kabla ya mafuta, hata kama ni kopo moja tu.

Zana nyingine hazistahili kuokolewa. Pitisha ukucha kwenye shingo ya panga na kuzunguka tundu la jembe. Ukikwama kwenye mstari mwembamba, huo ni ufa, na ufa hauzibwi kwa kusafishwa. Lining'inize panga kwa kidole penye kamba na uligonge bapa kwa kijiti: zima hulia kwa mlio mrefu, lenye ufa hutoa mlio uliokatika. Hilo lisirudi shambani. Mpelekee mhunzi akate bapa lililo zima atengeneze visu vya jikoni.